PDF ya LibreOffice ina ukungu, haina alamisho au imekataliwa na hifadhi: tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Malalamiko kuhusu PDF zinazotoka LibreOffice Writer hujirudia sana. Picha zilikuwa safi kwenye waraka, kwenye PDF zimefifia. Orodha ya sura iliyotarajiwa pembeni haipo. Kisomaji skrini kinasoma majedwali ovyo. Hifadhi ya nyaraka imerudisha faili ikisema halikidhi PDF/A, kiwango cha PDF za kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Karibu kila mara mtu hukimbilia kubadili chaguo moja baada ya jingine kwenye dirisha la PDF, na tatizo hubaki palepale, kwa sababu chaguo lile linapeleka tu kile ambacho waraka wenyewe unacho. Ndiyo maana mwongozo huu unakurudisha kwenye waraka mara nyingi kuliko unavyokupeleka kwenye dirisha hilo.

## Anza hapa: PDF ilitolewa kwa njia gani?

Kuna njia tatu ambazo watu hutumia, na hazitoi kitu kimoja.

Ya kwanza ni kuchapisha: unabonyeza Ctrl+P, kisha badala ya printa unachagua faili la PDF. Njia hii hupeleka sura ya ukurasa peke yake. Alamisho, lebo za muundo na viungo vya kubofya hupotea, na chaguo zote tutakazozungumzia hapa hazihusiki. Kama ulipita huku, simama, toa PDF upya kwa njia ya tatu, halafu ndipo uangalie kama tatizo bado lipo. Wengi huishia hapa.

Ya pili ni kitufe cha PDF kwenye upau wa zana, "Export Directly as PDF". Hiki hakiulizi chochote. Kinatumia mipangilio uliyoichagua mara ya mwisho. Ikiwa wiki iliyopita ulipunguza ubora ili faili lipite kwenye barua pepe, ripoti ya leo nayo itatoka na ubora uleule wa chini bila wewe kuarifiwa.

Ya tatu ndiyo sahihi unapotafuta tatizo: "File", kisha "Export As", kisha "Export as PDF...". Dirisha litakalofunguka lina vichupo kadhaa. Kazi yetu kubwa iko kwenye "General", na kidogo kwenye "Initial View" na "User Interface". Katika matoleo ya zamani chaguo la alamisho liliitwa "Export bookmarks". Katika mapya utaona neno "Outlines" au "Export outlines". Ni kitu kilekile.

Swali moja zaidi kabla ya kuendelea: je, faili lilipita kwenye programu nyingine baada ya kutoka LibreOffice? Zana za kubana PDF, kuunganisha mafaili au kugonga mhuri mara nyingi huandika faili upya na kutupa lebo, alamisho au alama ya PDF/A. Jaribu lile lililotoka moja kwa moja, kabla halijaguswa.

## Dalili: picha zina ukungu

Chanzo cha kawaida zaidi ni kupunguzwa kwa msongamano wa pikseli. Kwenye "General", sehemu ya "Images", kuna kisanduku "Reduce image resolution to", na kwa kawaida kimetiwa tiki kwa 300 DPI, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa picha ya kamera 300 inatosha kabisa. Shida huanza mtu anapokishusha hadi 150 au 75 ili kupunguza ukubwa wa faili.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ripoti ina picha mbili, kila moja imewekwa kwa upana wa sentimita 16. Ya kwanza ni picha ya kamera yenye pikseli 4000 kwa upana. Ya pili ni picha ya skrini ya kompyuta, pikseli 1366. Sentimita 16 ni inchi 6.3, kwa kuwa inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo picha ya kamera ina takriban DPI 635 pale ilipo, na picha ya skrini ina takriban 217.

Ukiacha 300 DPI, picha ya kamera itapunguzwa hadi kama pikseli 1890 na hakuna jicho litakalotambua. Picha ya skrini haitaguswa, kwa sababu tayari iko chini ya 300. Chaguo hili hupunguza tu, haliongezi. Sasa shusha hadi 150. Picha zote mbili zinabaki na pikseli 945 hivi kwa upana. Ile ya kamera bado inapendeza kwenye skrini. Ile ya skrini imepoteza karibu theluthi moja ya pikseli za upana wake, na herufi ndogo za menyu, ambazo kila mstari wake ulikuwa pikseli moja au mbili, zimechanganyikana na mandharinyuma. Msomaji anaona ukungu, na anailaumu picha.

Kwa hiyo ripoti yenye picha za skrini isishushwe chini ya 300 DPI. Kama ni fupi, ondoa tiki kabisa.

Chanzo cha pili ni mgandamizo wa JPEG. Hapa ukungu una sura yake: kuza ukurasa hadi asilimia 400 uangalie ukingo wa herufi nyeusi juu ya nyeupe. Ukiona vumbi la kijivu au viraka vya mraba vikizizunguka herufi, hiyo ni JPEG. Ukiona herufi zimelainika tu bila vumbi, rudi kwenye DPI. Chaguo la "JPEG compression" huja na ubora wa 90%, ambao unafaa picha za watu na mandhari. Kwa picha za skrini, michoro na maandishi yaliyoskaniwa, chagua "Lossless compression". Picha za skrini na michoro zina maeneo makubwa ya rangi moja, kwa hiyo hubanika vizuri hata bila kupoteza chochote. Picha za kamera ndizo huweza kulifanya faili livimbe ukichagua hivyo.

Bahati mbaya chaguo hili ni moja kwa waraka mzima. Huwezi kuipa kila picha lake. Ripoti ikiwa na aina zote mbili, mimi huchagua "Lossless compression" na kuzipunguza picha za kamera ndani ya waraka kwanza: bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua "Compress...", weka 300 DPI. Fanya hivyo kwenye nakala ya waraka, kwa sababu pikseli zilizotupwa hazirudi baada ya kuhifadhi.

Chanzo cha tatu: picha iliingia kwenye waraka ikiwa tayari mbovu. Iliyopitia programu ya ujumbe, au iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti, mara nyingi imeshapunguzwa. Dirisha hilohilo la "Compress..." linaonyesha vipimo halisi vya picha kwa pikseli. Ukikuta pikseli 640 kwenye upana wa sentimita 16, hiyo ni takriban 102 DPI, na hakuna chaguo litakaloiokoa. Tafuta faili la awali uiingize upya.

Ukitaka uhakika badala ya kukisia, zana ya mstari wa amri iitwayo `pdfimages`, iliyo kwenye kifurushi cha Poppler, inasoma PDF yenyewe:

```
pdfimages -list ripoti.pdf
```

Safu za `width` na `x-ppi` zinakuonyesha kila picha ilitoka na pikseli ngapi na msongamano gani, na safu ya `enc` inaonyesha `jpeg` pale ambapo JPEG ilitumika. Kwenye mfano wetu, ukiona picha ya skrini ina `width` 1366, haikuguswa. Ukiona 945 au karibu na hapo, umempata mhalifu.

Grafu na michoro ya mistari ambayo si ya pikseli, kama SVG, haihusiki na DPI wala JPEG. Grafu ikitoka na ukungu, kuna uwezekano mkubwa ilibandikwa kama picha. Ibandike upya kama grafu.

Simama hapa ikiwa mchapishaji anadai picha ziwe katika rangi za CMYK. Dirisha la PDF la LibreOffice halina chaguo la kuzigeuza. Mpelekee mtaalamu wa uchapaji waraka pamoja na picha za awali, usijaribu kubahatisha kwa zana za kubadilisha rangi.

## Dalili: alamisho hazionekani pembeni

Kwanza hakikisha hazipo kweli. Visomaji vingi vya PDF hufungua faili huku paneli ya pembeni ikiwa imefungwa. Ifungue kwa mkono. Zikiwemo, tatizo ni mwonekano tu: nenda kichupo cha "Initial View", na chini ya "Panes" chagua paneli ya alamisho pamoja na ukurasa badala ya "Page only". Baadhi ya visomaji hupuuza ombi hilo na kufuata mipangilio ya mtumiaji, kwa hiyo usishangae likifanya kazi kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine.

Zisipokuwepo, chanzo cha kawaida kuliko vyote ni vichwa vya uongo. Mwandishi amechagua mstari, akaukoza, akaukuza hadi pointi 16, na kwa macho ni kichwa cha sura. Kwa Writer ni aya ya kawaida yenye herufi nene. Alamisho hutengenezwa kutokana na aya zenye ngazi ya muhtasari, yaani zile zenye mtindo wa "Heading 1", "Heading 2" na kuendelea.

Kipimo chake ni cha sekunde chache. Bonyeza F5 kufungua "Navigator" na upanue "Headings". Unachokiona pale ndicho kitakachokuwa alamisho. Pakiwa patupu, hata utie tiki mara ngapi, PDF haitakuwa na alamisho. Rudi kwenye kila kichwa, ukipe mtindo wake kutoka kwenye orodha ya mitindo ya aya. Sura ya herufi ikibadilika na usiipende, rekebisha mtindo wenyewe mara moja badala ya kila kichwa peke yake.

Chanzo cha pili ni mitindo ya kujitungia. Ofisi nyingi zina kiolezo chenye mitindo kama "Kichwa Kikuu", iliyotengenezwa kutokana na aya ya kawaida. Hariri mtindo huo, fungua kichupo cha "Outline & List" (zamani "Outline & Numbering"), na uupe "Outline level" ya 1. Vichwa vyote vilivyoutumia vitajitokeza kwenye "Navigator" papo hapo.

Cha tatu, na ndicho rahisi, ni tiki yenyewe kuwa imeondolewa kwenye "General".

Watu wengine huweka alama kwa "Insert", kisha "Bookmark", wakitarajia zijitokeze pembeni. Alama hizo ni shabaha za viungo ndani ya waraka. Haziingii kwenye orodha ya pembeni.

Na alamisho zikiwa zote zimefunguka hadi ngazi ya tano, msomaji akapotea humo, kichupo cha "User Interface" kina mahali pa kuchagua ngazi ngapi zionekane mwanzoni. Ukiweka 2, zile za ndani hazifutwi. Zinakunjwa tu.

## Dalili: kisomaji skrini kinasoma ovyo, au kipimo kinasema faili halina lebo

Lebo za muundo ndizo zinazoiambia programu kwamba mstari huu ni kichwa, hili ni jedwali, hii ni picha na maelezo yake ni haya. Angalia kwanza kama zipo, kwa zana nyingine ya Poppler:

```
pdfinfo ripoti.pdf
```

Mstari wa `Tagged` useme `yes`. Ukisema `no`, tia tiki kwenye "Tagged PDF" ndani ya "General", na ukumbuke onyo la mwanzo kuhusu kuchapisha na zana za kubana.

Ugumu unaanza pale `Tagged` inaposema `yes` na mtu asiyeona bado hawezi kuusoma waraka. Hali hii ni ya kawaida sana, na inaumiza kwa sababu aliyetuma anaamini amemaliza kazi. Lebo zipo, lakini zimebeba muundo mbovu wa waraka. Fuata mpangilio huu.

Vichwa vya uongo vinahesabiwa hapa pia. Ukivirekebisha kwa ajili ya alamisho, umerekebisha na lebo.

Lugha inafuata. Waraka wa Kiswahili ulioachwa na lugha ya "English (USA)" utasomwa kwa sauti ya Kiingereza, na hakuna atakayeelewa. Nenda "Tools", "Language", "For All Text", chagua Kiswahili, kisipokuwepo kwenye orodha fupi bofya "More...". Ukinukuu aya ya lugha nyingine, ichague peke yake uipe lugha yake.

Kisha picha. Kila picha yenye maana inahitaji maandishi mbadala: bofya kwa kitufe cha kulia, tafuta "Alt Text..." au, kwenye matoleo ya zamani, "Description...". Andika kinachosomeka kwenye picha kwa anayehitaji kukijua. "Picha ya grafu" haimsaidii mtu. "Mauzo yalipanda kila robo ya mwaka isipokuwa ya tatu" inamsaidia.

Majedwali ni ya mwisho na ndiyo magumu. Safu mlalo ya juu iwekwe kama kichwa cha jedwali: fungua "Table Properties", kichupo cha "Text Flow", na utie tiki "Repeat heading". Faida yake ya kwanza ni kurudia kichwa kwenye kila ukurasa, lakini pia ndiyo inayomjulisha msomaji wa sauti kwamba seli zile ni majina ya safu. Jedwali lililotumika kupanga picha na maandishi ubavu kwa ubavu livunjwe, ulipange kwa njia nyingine.

Baada ya hayo endesha "Tools", "Accessibility Check", iliyopo kuanzia toleo la 7.0. Kisha kwenye dirisha la PDF tia tiki "Universal Accessibility (PDF/UA)". Hili linakulazimisha kuwa na lebo, na linahitaji waraka uwe na jina lake: "File", "Properties", kichupo cha "Description", uwanja wa "Title".

Simama na umwite mtaalamu ikiwa waraka una majedwali yenye seli zilizounganishwa kwa ngazi kadhaa, fomu ndefu, au fomula nyingi, na sheria au mkataba unakudai PDF/UA kamili. Hapo anahitajika mtu wa kukagua lebo moja moja kwa mhariri maalumu wa PDF na kuusikiliza waraka kwa kisomaji skrini. Kipimo cha mashine kinajua kama maandishi mbadala yapo, hakijui kama yana maana.

## Dalili: hali ya hifadhi inaleta mambo yasiyotarajiwa

Nenosiri limezimwa. Umechagua "Archival (PDF/A)" na kichupo cha "Security" hakikubali kitu. Hiyo si hitilafu. PDF/A inakataza usimbaji fiche, kwa sababu faili linalotegemea nenosiri linaweza kushindwa kufunguka miaka 30 baadaye. Chagua moja: hifadhi au nenosiri. Ukihitaji vyote, toa mafaili mawili.

Kisomaji kinaonyesha ukanda wa onyo kwamba faili linadai kufuata PDF/A na limefunguliwa kwa kusoma tu. Hili nalo ni sawa. Halina ubovu wowote.

Kivuli au umbo linalopenya mwanga limebadilika sura. Umechagua PDF/A-1b. Kiwango hicho, cha mwaka 2005, hakiruhusu uwazi wa aina hiyo, kwa hiyo LibreOffice inalazimika kuutengeneza kwa njia nyingine. PDF/A-2b, ya mwaka 2011, inauruhusu. Tumia 2b isipokuwa anayepokea amesema wazi kwamba anataka 1b. Akisema hivyo, ondoa vivuli na uwazi kwenye waraka wenyewe kabla ya kutoa PDF.

Faili limekuwa kubwa. PDF/A inadai kila fonti iliyotumika iwemo ndani ya faili. Waraka wenye fonti nyingi tofauti utabeba zote. Pia angalia kama umetia tiki "Hybrid PDF", inayopachika waraka wa ODF ndani ya PDF. Hiyo huongeza ukubwa, na kumbuka kwamba anayepokea anapata waraka wako wa kuhaririwa pamoja na chochote kilichobaki humo. PDF/A-1 hairuhusu viambatisho kabisa, na PDF/A-2 inaruhusu vile tu ambavyo navyo ni PDF/A. Anayetaka kupachika faili la aina nyingine anahitaji PDF/A-3b.

Hifadhi imelikataa faili. Linganisha kwanza toleo walilodai na ulilolichagua. 1b na 2b si kitu kimoja, na chanzo hiki ndicho kinachoongoza. Herufi "b" inahakikisha mwonekano tu. Wakidai toleo lenye "a", wanataka na muundo pia, na kufaulu kwa 2b hakutawatosha. Pili, hakikisha faili halikuguswa na zana nyingine baada ya kutoka. Tatu, lipime mwenyewe kwa veraPDF, programu huru ya kupima PDF/A, ambayo hutoa orodha ya kila kifungu cha kiwango kilichovunjwa.

Orodha hiyo ikitaja fonti, endesha `pdffonts ripoti.pdf` na uangalie safu ya `emb`: kila mstari useme `yes`. Fonti yenye `no`, ibadilishe kwenye waraka kwa nyingine iliyo huru, kisha utoe upya. Ikitaja picha au kiambatisho kimoja, kiondoe kwenye nakala na upime tena. Faili likipita, umepata chanzo.

Simama hapa ikiwa veraPDF bado inalalamika baada ya kubadili fonti, kuondoa kilichoshukiwa na kutoa upya kutoka waraka wa asili. Usijaribu kulitengeneza faili kwa zana za mtandaoni zinazoahidi PDF/A. Zingine hugeuza kurasa kuwa picha, na hapo unapoteza maandishi, alamisho na lebo kwa pamoja. Mpelekee msimamizi wa hifadhi vitu vitatu: waraka wa ODT, PDF iliyokataliwa, na ripoti ya veraPDF.